Mistari Miwili ya Mwalimu wa Michezo

Muhula unapofungwa, mama hupokea karatasi ya ripoti na macho yake hukimbilia hesabu na lugha. Mstari wa mazoezi ya viungo husomwa mwisho, na mara nyingi hukuta pameandikwa “Anajitahidi”, basi. Miongoni mwa wasomaji wa safu hii wamo walimu wa shule za msingi, na mmoja wao aliniuliza: ana watoto 50 na nafasi ya mistari miwili kwa kila mmoja, ataandikaje ukweli bila ya kumvunja moyo aliye dhaifu wala kumlewesha sifa aliye hodari?

Kwanza na alifunike jina la mtoto kisha asome alichokiandika. Iwapo maneno hayo yangemfaa pia mtoto wa jirani, basi hayajamsema mtu yeyote. Kwa kawaida kasoro hii haitokani na uvivu wa kalamu. Mwalimu huketi na fomu katika wiki ya mwisho akawakumbuka wenye mbio na wasumbufu tu, na wale wa katikati wamekwisha mtoka. Hapo ndipo daftari dogo la uwanjani linapofaa. Katika kila kipindi awatazame watoto 5 tu, na kila mmoja amwandikie jambo moja aliloliona kwa macho yake. Kwa vipindi 20, kila mtoto kati ya wale 50 atakuwa ameandikwa mara 2, mara moja katika nusu ya kwanza ya muhula na mara moja katika nusu ya pili. Ripoti ni ushahidi, na shahidi husema alichokiona.

Jambo la pili ni kutochanganya uwezo na juhudi. Alama ya kufikia matarajio, au kuwa chini yake, imekwisha kueleza mtoto amefika wapi. Maoni yaeleze amefikaje hapo, na hatua ya karibu iliyo mbele yake ni ipi.

Tuchukue mfano wa binti anayejifunza kuruka kamba. Mwanzoni daftari lasema: “Miruko 4, kisha kamba humnasa miguuni, anaizungusha kwa mkono mzima kutoka begani.” Wiki kadhaa baadaye: “Miruko 15, viwiko viko karibu na mbavu, anazungusha kwa vifundo vya mikono.” Alama yake huenda bado ikawa ya chini, kwani wenzake wanaruka 40. Lakini mwalimu anaweza kuandika hivi: “Ametoka miruko 4 ya kamba hadi 15 kwa kurekebisha mikono yake. Sasa ajizoeze kuruka chini chini, miguu isipae sana, ili asichoke mapema.” Hapana uongo hapo, wala hapana haja ya kumwambia kuwa yeye ni bingwa. Na mama amepata kazi ya kumsimamia uani wakati wa likizo.

Mvulana mwenye mbio ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu sifa zake huja zenyewe. Hushinda kila mara, lakini katika mbio za kupokezana vijiti huondoka kabla ya mwenzake kumfikia, kijiti kikaanguka. Na zamu ya kulifanyia zoezi hilo ikifika, yeye huketi kivulini. Kumwandikia “Hodari sana” ni kumnyima nusu ya habari. Kumwandikia “mvivu, mwenye kiburi” ni kuihukumu tabia yake yote kwa jambo moja. Aandikiwe: “Ana kasi kubwa. Kijiti kimemponyoka kwa kuondoka mapema. Akishiriki mazoezi ya kupokezana pamoja na wenzake, timu yake itafaidika na kasi hiyo.” Kitendo kimetajwa, na kitendo hurekebishika.

Maneno juu ya mwili, kama mnene, mzito au mfupi, yasiingie kabisa. Mtoto mwenyewe ataisoma karatasi hiyo, na mzito hawezi kupungua kwa kusoma sentensi. Vilevile, muhula ukiangukia Ramadhani, mwalimu asimpime aliyefunga kwa mbio za wiki hizo. Daftari lina tarehe, na achukue aliyoyaona kabla yake au baada yake.

Amebaki yule ambaye hukaa pembeni. Hapa walimu wengi hujificha nyuma ya “Anaweza kufanya vizuri zaidi”. Hesabu ndiyo insafu: “Ameshiriki vipindi 8 kati ya 20. Siku alizoshiriki aliudaka mpira vizuri kwa mikono miwili. Naomba tuonane kabla ya muhula ujao.” Mwalimu asikisie sababu kwa maandishi. Pengine ni pumu, pengine msichana hana suruali ya kuvaa chini ya gauni lake akiruka, na habari kama hiyo haifai kuandikwa katika karatasi itakayopita mikononi mwa nyumba nzima. Mama akiitwa faraghani, aghalabu yeye ndiye atakayeieleza.