Kisangani: mshahara wa faranga, nyumba ya dola, minervali ya Septemba

Katika komini ya Makiso, mfanyakazi wa serikali analipwa kwa faranga, lakini mwenye nyumba anadai dola. Shule nayo inataka minervali yake kwa awamu, na jamaa wa Isangi, Opala ao Bafwasende wanapiga simu tangu wasikie kama mshahara umeingia. Kila moja ina haki yake. Shida ni kwamba zote tatu zinakuja siku moja.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayepata faranga 560,000 kwa mwezi, mwenye watoto wawili sekondari. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Tuseme kwake ni faranga 336,000 kwa mwaka kwa watoto wote wawili, katika awamu tatu. Nyumba ni dola 50 kwa mwezi. Jamaa anawawekea 40,000, na kando 15,000 za matanga na magonjwa.

Dola ikiwa 2,800, nyumba inachukua 140,000. Kama anasubiri shule imudai, mwezi wa 9 analipa awamu ya kwanza, 112,000. Akishatuma na pesa za jamaa, anabakia na 253,000, ni kusema kama 8,400 kwa siku, na yuniformu haijanunuliwa. Hapo ndipo wengi wanaenda kwa banki lamberi. Akikopa 100,000 kwa kurudisha 150,000, mwezi wa 10 unaanza na deni: anabakia na 215,000, kama 6,900 kwa siku. Tarehe 15 chakula kimeisha, anakopa tena. Watu wanasema mshahara ni mudogo, na ni kweli, lakini mwezi wa 10 umeliwa na mwezi wa 9.

Akigawanya minervali kwa miezi 12, inakuwa 28,000 kwa mwezi, hata wakati wa likizo. Mwezi wa 7 na wa 8 ndiyo inasaidia zaidi, juu shule haidai kitu na pesa inaonekana kama ni ya bure. Kwa hesabu hii anabakia na 337,000, kama 11,200 kwa siku, mwezi wa 9 sawa na mwezi wa 3. Wengine wanafanya hivyo kwa likelemba: wanaomba zamu yao iangukie mwanzo wa mwaka wa shule. Inasaidia, kama wenzao ni watu wa kulipa.

Nyumba ina mutego wake. Mwaka 2019 dola ilikuwa karibu 1,650. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Mwaka 2025 ikashuka tena. Dola 50 ni zile zile, lakini kwa faranga si zile zile. Kwa hiyo ni vizuri kununua dola za nyumba kwa kambista siku ile ile ya mshahara, na kuandika ndani ya kontra ni kiwango gani kitatumika kama mtu analipa kwa faranga. Bila hiyo, dola ikipanda mwenye nyumba anataka kiwango cha leo, na ikishuka anataka kile cha zamani. Tena, sheria ya tarehe 31/12/2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipite miezi tatu. Komisionere akidai sita, hiyo haitoke katika sheria.

Kuhama Makiso hakuokoe pesa kila mara. Nyumba ya Mangobo ikipunguza dola 20, ni 56,000. Lakini pikipiki ya 2,000 kwenda na kurudi, siku 26, ni 52,000. Faida ni 4,000 tu.

Inabakia jamaa, na hapa hesabu peke yake haitoshe. Anayesema « sina » kila mwezi anavunja undugu, na anayetuma kila simu inapolia anafukuzisha watoto wake shuleni. Njia inayosimama ni kusema wazi kiasi na tarehe: « Mama, kila tarehe 5 nitatuma 40,000, ya matanga iko kando, ikiisha nitakuambia. » Na undugu si wa upande mmoja. Mufuko wa mchele ao bidoni ya mafuta inayoshuka kwenye mashua toka Isangi inaingia pia ndani ya bajeti, na inafaa kuhesabiwa mbele ya mtu kusema jamaa wanamumaliza.

Hesabu hii yote inasimama kama mshahara unafika. Ukichelewa mwezi moja, fungu la minervali ndilo la kwanza kuguswa. Likiguswa, liandikwe kama deni na lirudishwe, la sivyo mwezi wa 9 utalikumbusha.