Mashine Haina Maktaba Tumboni

Mgeni rasmi kwenye mahafali ya shule moja alichelewa saa mbili, kisha akatuambia maktaba zimepitwa na wakati kwa sababu ChatGPT imesoma vitabu vyote na inavikumbuka. Wazazi wakapiga makofi.

Kusoma, imesoma vingi. Kukumbuka ndiko kunakonikera. Modeli kubwa ya lugha kama ChatGPT haina kabati la vitabu ndani yake. Ilipitishwa kwenye maandishi mengi mno ikazoeshwa kukisia kipande cha neno kinachofuata, na kilichobaki ni mabilioni ya namba zilizoshika mazoea ya maneno. Ukiiuliza makao makuu ya Tanzania itasema Dodoma, maana maneno hayo imeyakuta pamoja mara nyingi. Ukiitaka namba ya jalada la kesi, umbo la namba imeliona mara elfu, lakini namba yenyewe pengine haijaiona kamwe. Basi inajaza umbo.

Hayo yalimkuta wakili mmoja wa New York. Mteja wake alilishtaki shirika la ndege la Avianca akidai toroli la chakula lilimuumiza goti ndani ya ndege. Wakili akaiomba ChatGPT hukumu za zamani za kumuunga mkono, ikampa kadhaa, mojawapo "Varghese v. China Southern Airlines", ikiwa na mahakama yake na namba zake. Hukumu za Marekani hutajwa kwa mtindo uleule siku zote, majina mawili, juzuu, ukurasa, mwaka, kwa hiyo kuziiga si kazi. Kesi hiyo haikuwahi kuwepo. Na wakili alipoingiwa na shaka akaiuliza mashine ileile kama kesi ni ya kweli! Ikajibu ndiyo; ilikuwa inakisia tena. Angezitazama kumbukumbu za mahakama, angejua mapema. Juni 2023 jaji wa shauri hilo la Avianca, Castel, alimtoza wakili huyo na mwenzake faini ya dola 5,000.

"Lakini inajibu bila kusita," jirani yangu ukumbini alinibishia. Hata tapeli wa viwanja hasiti.

Mimi siikatai mashine. Ibandikie muhtasari wa kikao wa kurasa kumi uiambie iufupishe, au barua yako yenye Kiingereza cha kuchechemea iinyooshe, utafurahi, maana mambo yenyewe yako mbele ya macho yake na kazi iliyobaki ni ya maneno. Hata hapo pitia majina na tarehe. Kwa Kiswahili ongeza uangalifu, kwani maandishi yetu iliyofunzwa nayo ni machache.

Wengine watasema siku hizi inatafuta mtandaoni. Vyema, yaani imewekewa ukurasa mbele yake kabla ya kujibu, kama muhtasari wangu wa kikao. Ufungue ukurasa huo uusome mwenyewe, kwa sababu jibu bado linaweza kudai jambo ambalo ukurasa haukulisema.