Moyo Mmoja, Nahau Nne

Wiki hii tumeliteua swali moja la nahau, la aina ambayo watoto wetu hulikuta katika karatasi ya Kiswahili. Swali lenyewe ni hili:

Chagua nahau yenye maana ya "kujikaza na kujipa ujasiri".

A. kutia moyo
B. kufa moyo
C. kupiga moyo konde
D. kuvunja moyo

Majibu yote manne yana neno moyo, kwa hivyo neno hilo halimsaidii mtoto. Wengi huchagua A, kwa kuwa kutia moyo nako kunahusu ujasiri. Hapo ndipo penye mtego.

Tuisome tena maana tuliyopewa, kisha tujiulize mambo mawili. Kwanza, je, moyo unainuliwa au unashushwa? Ujasiri huinua, basi B na D zatoka, kwani kufa moyo na kuvunja moyo zote ni za kukata tamaa. Pili, ni moyo wa nani? Maana inasema kujikaza na kujipa. Kiambishi -ji- kinatuonyesha kwamba mtu anautendea moyo wake mwenyewe. Anayetia moyo humtia mwenziwe. Anayepiga moyo konde huukaza wake. Konde ni ngumi, kana kwamba mtu anaupiga moyo wake ngumi ili usilegee. Jibu ni C.

Akibaki na shaka, mtoto na aijaribu nahau ndani ya sentensi: "Mjane yule alipiga moyo konde, akafungua biashara ya maandazi ili awasomeshe wanawe." Sentensi imekamilika. Tukiweka "alitia moyo" mahali pale, msikilizaji atauliza: alimtia nani? Nahau hiyo humtaka mtu wa pili: "Majirani walimtia moyo mjane yule."

Swali la pili hilo ndilo linalotenga hata B na D. Aliyekufa moyo amekata tamaa yeye mwenyewe. Aliyevunja moyo amemkatisha tamaa mwingine.

Lakini tahadhari: kitenzi kikinyambuliwa, mwelekeo nao hubadilika. "Alimvunja moyo" si sawa na "alivunjika moyo". Wa kwanza ndiye aliyeumiza, wa pili ndiye aliyeumia. Vilevile "alijitia moyo" husogea karibu sana na kupiga moyo konde, kwa sababu ya ile -ji-. Kwa hivyo mtoto asiishie kwenye neno moyo tu. Na akitazame kitenzi chote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Jioni hii, kina mama, waulizeni watoto: mwanafunzi aliyeanguka mtihani, naye nduguye akamcheka hata akaacha kusoma, nduguye huyo alimfanya nini? Na mwanafunzi mwenyewe alifanya nini? Nahau mbili zatakiwa, nazo zote zimo katika zile nne.