Kuluba: Mashine ya kusaga ina thamani gani? Beta na hatari ya biashara ya mpakani

Tuchukue mfano wa ndugu wawili wanaomiliki sawa kwa sawa mashine ya kusaga mahindi huko Kuluba, wilayani Koboko, jirani na mpaka wa Uganda na Sudan Kusini. Hawana mkopo. Kila mwaka, baada ya kulipia dizeli, fundi, kodi na mshahara wa yule anayesimamia kazi, hubaki na faida ya shilingi milioni 9. Sasa mdogo anataka kujitoa. Kaka mtu amlipe kiasi gani?

Tukichukulia kwamba faida hiyo itabaki ilivyo miaka yote, thamani ya biashara ni faida ikigawanywa kwa kiwango ambacho mwenye mtaji anakidai ili akubali kuiacha fedha yake mahali hapo. Ugumu umo katika kiwango hicho.

Njia inayofundishwa vyuoni ilielezwa na Mmarekani William Sharpe mwaka 1964, naye akatunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 1990. Huanzia kwenye riba ya hatifungani za serikali, ambazo malipo yake huhesabiwa kuwa ya uhakika. Juu yake huongezwa fidia ya hatari, nayo ni ziada inayodaiwa na wanaonunua hisa za soko zima, ikizidishwa kwa beta. Tuseme hatifungani zinalipa asilimia 16, ziada ya soko ni asilimia 6, na beta ya biashara ya unga ni 0.8. Kiwango kinachodaiwa kitakuwa 16 kujumlisha 4.8, yaani asilimia 20.8. Milioni 9 zikigawanywa kwa kiwango hicho, biashara ina thamani ya takriban milioni 43.3.

Hapo ndipo wengi hukosea. Beta haipimi hatari yote. Hupima tu sehemu inayopanda na kushuka pamoja na soko zima. Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka na shughuli, masoko ya hisa duniani yaliporomoka na biashara ndogo zikaumia wakati uleule. Mtikisiko wa namna hiyo umo ndani ya beta. Lakini mapigano yalipozuka Juba mwezi Julai 2016, mfanyabiashara anayetegemea wateja wa ng'ambo ya mpaka alipata pigo ambalo mwenye hisa za benki jijini Kampala huenda hakulihisi hata nusu yake. Lori likikwama, au injini ikivunjika wakati wa mavuno, beta haina habari.

Sharpe hakusahau hatari hizo. Aliziacha nje kwa sababu alimfikiria mwekezaji mwenye hisa katika kampuni nyingi: hapa akipoteza, pale atafidiwa. Kaka mtu wa Kuluba si mwekezaji huyo. Mali yake yote imo ndani ya chumba kimoja chenye mashine moja.

Kwa mtu wa hali hiyo, wathamini hutumia beta ya jumla: beta ya kawaida ikigawanywa kwa kipimo cha jinsi biashara inavyokwenda sambamba na soko. Kipimo hicho kikiwa 1, hatari yote ni ya soko. Kikikaribia sifuri, karibu yote ni ya biashara yenyewe. Tukikadiria 0.4, beta ya jumla ni 2, kiwango kinachodaiwa ni asilimia 28, na thamani inashuka hadi takriban milioni 32.1. Fungu la mdogo, lililokuwa milioni 21.6, sasa ni milioni 16.

Na ile 0.8 tuliitoa wapi? Mashine ya kusaga haina bei sokoni, kwa hiyo beta yake huazimwa kutoka kampuni zilizoorodheshwa. Soko la hisa la Kampala lina kampuni zisizofika ishirini, na baadhi ya hisa hukaa siku nyingi bila kuuzwa. Bei isiyosogea huonekana tulivu, na beta hutoka ndogo kuliko ukweli. Dalili yake ni safu ndefu ya siku zenye bei ileile. Anayetumia bei za mwisho wa mwezi badala ya za kila siku hupunguza kasoro hiyo, ingawa haiondoi.

Kwa maoni yangu, kaka mtu hana sababu ya kulipa milioni 21.6, kwa maana akishanunua atabeba peke yake hatari ambayo beta haikuihesabu. Lakini fungu hilo likinunuliwa na mtu mwenye maduka Arua, malori na nyumba za kupangisha, ajali ya mashine moja haitamtikisa, naye anaweza kutoa milioni 18 au 19 na bado akaridhika. Mdogo angefanya vyema kumtafuta huyo kwanza, kabla ya kukubali bei ya kaka yake.