Shamba la avoka si hesabu ya kuzidisha: miaka ya kungoja ina bei yake

Kuna hesabu mbili za uongo zinazowaumiza wakulima wetu wa Lubero na Beni. Ya kwanza ni ya muuzaji wa shamba changa. Ya pili ni ya mtumwa wa mradi anayekuja kulipa fidia barabara inapopita shambani. Mmoja anapandisha bei mpaka mbinguni, mwingine anaishusha mpaka chini ya udongo, lakini wote wanaficha kitu kimoja: miaka ya kungoja.

Tuanze na muuzaji. Anakuonyesha hekta moja ya avoka, ambazo wengine wanaziita maparachichi. Miti 100, imepandwa kwa umbali wa meta 10 kwa 10, na imetoka tu kitaluni. Anasema: «Kila mti utakupa dola 10 kwa mwaka baada ya kutoa gharama zote. Ni dola 1,000 kwa mwaka. Miti itazaa miaka 20. Basi hapa kuna dola 20,000, na mimi ninakuomba 8,000 tu.» Mnunuzi anaona amepata bahati. Anauza ng'ombe, anakopa kwa ndugu, analipa.

Tukubali hata maneno yake yote kuhusu mavuno, halafu tuulize swali moja: dola ya kwanza itaingia lini? Avoka iliyopandwa kwa kokwa inaweza kukaa miaka 6 au zaidi bila kuzaa matunda ya kuuza. Dola 1,000 ya mwaka wa 7 si sawa na dola 1,000 iliyo mkononi leo. Ukiwa nayo leo unaweza kununua mbuzi, kufungua duka au kulima viazi, ikazaa kila mwaka. Tuseme pesa yako ikifanya kazi kwingine inaleta asilimia 12 kwa mwaka. Basi kila mwaka wa kungoja unaigawa ahadi kwa 1.12.

Hesabu yenyewe ina hatua tatu, na mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuifanya. Hatua ya kwanza, jisimamishe mwishoni mwa mwaka wa 6, wakati mavuno ya kwanza yamebakiza mwaka mmoja. Kutoka hapo, dola 1,000 kila mwaka kwa miaka 20 zina thamani hii:

```
1000 × (1 − 1.12^−20) ÷ 0.12 = 7469
```

Hebu angalia: 20,000 imekwisha kuwa 7,469 kabla hata hatujagusa kungoja. Hatua ya pili, rudi nyuma mpaka leo kwa kugawa 7,469 kwa 1.12 mara 6. Unapata 3,784. Hapa hata mafundi wanakosea. Kwa kuwa mavuno yanaanza mwaka wa 7, wanagawa mara 7. Lakini kanuni ya juu tayari imerudisha mavuno ya kwanza mwaka mmoja nyuma, basi ukigawa mara 7 umekata mwaka huo mara mbili, na bei inashuka mpaka 3,379 bila sababu.

Hatua ya tatu ndiyo muuzaji hataki uione. Katika miaka ile 6 shamba halilali. Lazima kupalilia, kulinda na kupanda tena miti iliyokufa. Tuweke dola 150 kwa mwaka. Kwa asilimia ile ile, gharama hizo zina uzito wa dola 617 leo. Ondoa 617 kwa 3,784, inabaki 3,167. Hiyo ndiyo bei ya juu ambayo mnunuzi mwenye akili anaweza kulipa. Anayelipa 8,000 amempa muuzaji karibu dola 5,000 za bure.

Muuzaji atajibu kwamba miti yake ni ya kupandikiza na itazaa upesi. Inawezekana, na ni kweli kwamba avoka ya kupandikiza huanza kuzaa katika mwaka wa 3 au wa 4. Ukingoja miaka 3 badala ya 6, hesabu ile ile inatoa dola 4,956. Tofauti ya karibu 1,800 imetokana na miaka 3 tu. Kwa hiyo usinunue kwa masikio. Inama, tazama shina karibu na udongo. Mti wa kupandikiza una kovu, mahali ambapo kijiti cha mti mwingine kiliunganishwa, na mara nyingi ngozi ya juu na ya chini ya hapo hazifanani. Mti mchanga ambao shina lake ni laini moja kwa moja toka mizizini, umetoka kwa kokwa. Uuhesabu hivyo. Halafu hesabu miti iliyo hai, si mashimo yaliyochimbwa.

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa sababu watu wengi wanaojua kupiga kelele juu ya wauzaji wananyamaza mbele ya makaratasi ya fidia. Mtumwa wa mradi anafika, anaona miti ya miaka 4 bila tunda hata moja, anaandika: «Miti michanga, haizai, dola 5 kila mmoja.» Miti 100, dola 500, tia kidole hapa. Hoja yake ni kwamba mti usiozaa hauna mapato. Ni hoja ya kipuuzi. Mkulima huyo amekwisha kulipa miaka 4 ya kungoja kwa jembe lake. Imebaki miaka 2 tu. Chukua 7,469, igawe kwa 1.12 mara 2, unapata karibu 5,955. Ondoa gharama za miaka 2 iliyobaki, dola 254. Mkulima anapoteza dola 5,701, na anapewa 500.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya watu wote, na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Dola 500 kwa mali ya 5,701 si fidia ya haki, hata ikilipwa mapema.

Tuwe wakweli kwa pande zote. Kama ardhi tupu inalipwa kando, kodi ya ardhi hiyo ya kila mwaka lazima itolewe katika zile dola 1,000, la sivyo mkulima analipwa mara mbili. Na asilimia 12 si neno la Mungu. Penye vita au barabara mbovu mnunuzi ana haki ya kutumia 20, na hapo shamba letu la kwanza linashuka mpaka karibu dola 1,130. Lakini asilimia hiyo ijadiliwe mezani, isifichwe mfukoni.

Kwa hiyo tunadai jambo moja kwa muuzaji na kwa mlipaji: karatasi ya bei ionyeshe miaka ya kungoja iliyobaki, gharama za miaka hiyo, mapato safi ya mwaka, miaka ya kuzaa na asilimia iliyotumika. Namba tano. Mwami, shefu wa lokalite na agronomu wa teritwari wasiweke muhuri pale ambapo hata moja haipo. Na wewe mkulima, usitie kidole.