Usiku wa Ijumaa ni Upi?

Jamaa zetu wa Bujora walipopanga hitima ya mzee wao, kundi la WhatsApp lilijaa salamu na dua, na katikati yake sentensi moja: "Hitima ni usiku wa Ijumaa." Wazee walielewa Alhamisi, kwani kwa hesabu yetu siku huanza jua linapotua. Vijana walielewa Ijumaa jioni; wangefika mikeka imekwisha kunjwa.

Tulipoombwa kuandika tangazo, tuliyasoma mazungumzo kuanzia mwisho, tukashika kauli ya mwisho ya wafiwa, si ya aliyeandika sana. Palipobaki shaka tuliwapigia simu. Kisha tukaandika:

HITIMA YA BABU YETU
Siku: Alhamisi, 14 Agosti 2025, kuamkia Ijumaa
Saa: 1:30 usiku, baada ya Magharibi
Mahali: nyumbani kwa marehemu, Bujora, wa basi washuke Kisesa
Kugawa juzuu 30: ustadhi wa madrasa
Pilau: shangazi
Mikeka na maji: kaka mkubwa

Neno "kuamkia Ijumaa" ndilo lililomaliza ubishi. Juzuu tulimkabidhi mgawaji mmoja, maana kundini watatu walikwisha chagua Juzuu Amma, na ya kumi haikuwa na msomaji. "Sote tutasaidia" hatukuiandika, kwa kuwa haimtaji wa kuulizwa maji yakikosekana.

Likibadilika jambo, tangazo lote liandikwe upya na la kwanza lifutwe. Sahihisho la mstari mmoja huzama chini ya "Amin" hamsini.