«Reli ilishushwa»: na nani?

Mwandishi wa toleo lililopita anawashauri wauguzi wafute «mimi» katika taarifa za matukio wodini, eti nafsi ya kwanza huleta hisia. Sikubaliani naye hata kidogo.

Chukua mgonjwa aliyekutwa sakafuni usiku. Kwa ushauri wake, muuguzi ataandika: «Reli ya kitanda ilishushwa na mgonjwa akaanguka.» Nani aliishusha? Saa ngapi? Na kuanguka kwenyewe, nani alikuona? Sentensi hiyo inaonekana tulivu, kumbe imemficha mtendaji na kudai jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia.

Sasa soma hii: «Saa 8:10 usiku nilishusha reli ya kushoto nimpe maji. Nilitoka bila kuipandisha. Saa 8:25 nilisikia kishindo, nikamkuta amelala chali sakafuni. Sikumwona akianguka. Nilimpima mapigo ya moyo na shinikizo la damu kabla hajainuliwa, kisha nikampigia daktari wa zamu.» Hisia ziko wapi hapo?

Kinachoharibu taarifa ni hukumu. «Nilizembea» haimwambii msomaji kilichotendeka, sawa na «hata reli ingekuwa juu angeanguka». Yote mawili yaondolewe. Lakini «niliitwa kitanda cha jirani» ibaki ikiwa ndiyo sababu halisi ya kutoka, maana hapo wachunguzi wataanza kuuliza zamu ile ilikuwa na wauguzi wangapi.